Saa moja inayojirudia: tiketi 9 zilizopotea kati ya Frankfurt na Mbeya

Naomba tuanze, waliosimama mlangoni waingie tu, viti vipo huku mbele. Nilishaongea habari hii ya wenzetu kubadilisha saa na data zetu kupotea, niliiongea Iringa, nikaiongea tena Makambako, na kila nikimaliza kuna mtu ananifuata nje ananiambia "kaka, kwetu haitokei, Tanzania hatubadilishi saa." Leo naanza na huyo huyo, maana ndiye ananipa kazi kila mwaka.

Ni kweli hatubadilishi. Sisi ni UTC, ile saa ya dunia ambayo nchi zote zinapimia saa zao, jumlisha masaa 3, kiangazi, masika, miaka yote. Na sisi watu wa kusini tuna ugonjwa wa ziada, tunaujua mpaka. Ukivuka Tunduma ukaingia Nakonde upande wa Zambia unarudisha saa nyuma saa moja, ukivuka Kasumulu kuingia Malawi hivyo hivyo, ukirudi unaiongeza. Mtoto wa Tunduma anajua hilo kabla hajajua kusoma. Na haibadiliki kamwe, Desemba saa moja, Julai saa moja. Kwa hiyo kichwani kwetu tofauti ya saa ni namba moja unayoikariri maisha. Halafu kijana anapewa seva iko Frankfurt, anauliza "Ujerumani wako nyuma masaa mangapi," anaambiwa mawili, anaandika 2 kwenye skripti, anaenda kulala. Aliuliza Januari. Angeuliza Juni angeambiwa moja. Majibu yote mawili ni sahihi, na hapo ndipo anapotea.

Wenzetu wa Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha nyuma, inafanyika saa 01:00 UTC kwa pamoja. Kwetu hiyo ni saa kumi alfajiri. Ishikeni hiyo saa kumi alfajiri, tutairudia.

Sasa kisa chenyewe. Kampuni ya mabasi, siitaji, mabasi yake yanatoka hapa Mbeya kwenda Dar saa kumi na moja alfajiri. Tiketi zinauzwa kwa simu, databesi ya mauzo iko kwenye seva ya Frankfurt, ofisi ya stendi ina seva yake ndogo, mashine moja tu chini ya meza ya kaunta, na kila dakika 10 skripti inavuta tiketi mpya kutoka kule kuzileta hapa. Kwa nini isisome moja kwa moja Frankfurt? Kwa sababu intaneti ikikata saa kumi na nusu, basi lenyewe bado lazima liondoke na orodha, ndiyo maana. Huo mpango sina ugomvi nao.

Skripti ilikuwa inafanya hivi: inakumbuka muda wa tiketi ya mwisho iliyoiona, raundi inayofuata inaomba zilizo baada ya hapo.

```
SELECT * FROM tiketi
WHERE created_at > :mwisho
ORDER BY created_at;
```

Nyote mmeshaandika hii, mimi pia nimeiandika. Seva ya Frankfurt ilikuwa kwenye taimuzoni ya `Europe/Berlin`, kama ilivyotoka kwa watu wa hosti, na kolamu ya `created_at` ni `DATETIME` ya MySQL, yaani inahifadhi saa ya ukutani kama ilivyo, haihifadhi ni saa ya wapi.

Jumapili tarehe 27 Oktoba 2024, saa kumi na moja kasoro, napigiwa simu. Pale stendi siti namba 14 ina watu wawili. Mama mmoja ana meseji ya malipo kwenye simu, amelipa, siti 14. Mwingine ana karatasi ya kaunta, imechapwa sasa hivi, siti 14. Na siyo hiyo tu, kuna wengine wanane wana meseji halali na hawapo kwenye orodha kabisa. Kondakta anawaambia "nyie mmetapeliwa," na watu wamelipa hela yao! Yule mama alikuwa anasimama na mfuko wake, analia, anawahi hospitali Dar. Hiyo picha ndiyo inanifanya nirudi kuongea jambo hili hilo kila mwaka, nisamehewe.

Fundi wa ofisi alishaangalia mtandao, uko vizuri. Ameiwasha skripti upya mara tatu. Logi inasema nini? Inasema imefanikiwa, rekodi 0. Kila dakika 10, imefanikiwa, rekodi 0. Hakuna erori hata moja. Na ilipofika kama saa kumi na dakika 55 ikaanza tena kuleta tiketi kama kawaida, kwa hiyo fundi akasema "imepona." Haikupona. Zile 9 hazikuja tena, wala zisingekuja kamwe.

Nikaingia Frankfurt, nikafanya kitu kimoja, nikapanga tiketi kwa `id` badala ya muda:

```
id     created_at
88214  2024-10-27 02:41:07
88215  2024-10-27 02:54:30
88216  2024-10-27 02:03:52
88217  2024-10-27 02:12:19
```

Angalieni mstari wa pili na wa tatu. Namba inapanda, saa inashuka. Tiketi 88216 imenunuliwa baada ya 88215, lakini kwenye karatasi inaonekana imenunuliwa dakika 50 kabla. Ujerumani usiku ule saa ilifika 03:00 ikarudi 02:00, kwa hiyo saa kati ya 02:00 na 03:00 ilipita mara mbili. Mara ya kwanza kwetu ni saa tisa mpaka saa kumi, mara ya pili ni saa kumi mpaka saa kumi na moja. Skripti imeshaiona 02:54:30, imeikumbuka. Inaomba zilizo baada ya 02:54:30. Tiketi zote za kuanzia saa kumi kamili mpaka saa kumi na dakika 54 zimeandikwa 02:03, 02:12, 02:40, zote ziko "nyuma," haizigusi. Saa ya kule ikipita 02:54 kwa mara ya pili, skripti inaamka, inaendelea mbele, na hizo za katikati zimebaki shimoni. Na ni saa ipi hiyo? Ile ile ambayo abiria wa alfajiri wananunua kwa haraka na kaunta inauza siti zinazoonekana wazi.

Mtu ataniambia cron, ile programu inayoamsha skripti kwa ratiba, ina akili, inajua kubadilika kwa saa. Ndiyo, cron ya Debian inajitahidi: kazi iliyopangwa saa maalum, saa ikirudi nyuma haiirudii, saa ikiruka mbele inaifanya mara baada ya kuruka. Lakini hapa cron haikukosea chochote! Ilikuwa kwenye seva ya Mbeya, ikapiga kila dakika 10 bila kukosa. Kosa liko ndani ya data, na watu wanakagua ratiba tu kwa sababu ndiyo ina saa usoni.

Mwingine, namuona kijana pale ameshanyoosha mkono, anasema basi tuweke seva zote `Africa/Dar_es_Salaam`, shida imeisha. Kwa kisa hiki, ndiyo, ingeisha, sikatai, saa yetu hairudi nyuma. Ila ukianza kupokea faili za wakala wa Lusaka, na malipo kutoka kampuni ya nje inayoandika saa zake, utakuwa unatafsiri kila kitu kwenda saa ya Dar na kila anayekuja baada yako itabidi aambiwe. Weka UTC kwenye seva na databesi, halafu saa ya Mbeya ionekane kwenye skrini ya kaunta na kwenye tiketi tu. Na mwingine anasema Ulaya wanafuta mambo haya. Bunge lao lilipiga kura 2019 yafutwe 2021. Mwaka 2024 nilikuwa stendi na yule mama.

Sasa kurekebisha, na hapa nisikilizeni vizuri kwa sababu dawa yenyewe inaua. Mtu anasikia "weka UTC," anaenda mchana Juni anaandika

```
timedatectl set-timezone UTC
```

anawasha databesi upya, anafurahi. Amefanya nini? Juni Ujerumani wako UTC jumlisha 2. Ameirudisha saa ya seva nyuma masaa mawili. Alama ya mwisho ya skripti, ule muda inaoukumbuka, inasema 14:20, tiketi mpya zinaandikwa 12:21. Ametengeneza shimo lile lile, safari hii masaa mawili, mchana kweupe, kwa mkono wake. Nimeliona hili sehemu mbili.

Kwa hiyo utaratibu: zima sinki kwanza, yaani ile skripti inayovuta tiketi. Chukua bakapu. Andika kwenye karatasi `id` kubwa kuliko zote. Zuia mauzo kwa dakika chache, badilisha taimuzoni, washa upya databesi na cron pia, maana cron inaendelea na saa ya zamani mpaka uiwashe. Kisha geuza rekodi za zamani, na ile alama ya mwisho nayo uigeuze, wengi wanaisahau. MySQL ina `CONVERT_TZ(created_at,'Europe/Berlin','UTC')`, ila kama hamjapakia jedwali za taimuzoni inarudisha `NULL`, ukiiweka kwenye `UPDATE` bila kujaribu umefuta saa zote. Na ile saa iliyojirudia haiwezi kujua ipi ni ipi, itazichukulia zote sawa. Hapo unatumia `id`: mpaka 88215 toa masaa mawili, kuanzia 88216 toa saa moja. Kama rekodi zako hazina namba inayopanda, hiyo saa huwezi kuirudisha, kubali.

Kwa wanaoanza mfumo mpya kwa PostgreSQL tumieni `timestamptz`, sitaingia ndani, muda unanitupa. Machi nayo ina vituko vyake, 02:30 haipo kabisa siku hiyo. Marekani wanabadilisha wiki tofauti na Ulaya, nilikuwa na slaidi, naziruka. Na jamani kwenye grupu la watsapu msiandike "sinki ianze saa kumi," kuna kijana aliandika 10 kwenye cron, ikapiga saa nne asubuhi kaunta imejaa watu. Andikeni 01:00 UTC.

Wenye laptopu za Linux fungueni teminali sasa hivi, mpige hizi mbili, zimepishana sekunde 3600 kamili:

```
TZ=Europe/Berlin date -d @1729987920
TZ=Europe/Berlin date -d @1729991520
```

Zote zinasema 02:12:00, tarehe ile ile. Tofauti ni herufi tu, moja ina CEST, saa yao ya kiangazi, nyingine CET, saa yao ya kawaida. Haya, angalieni kolamu zenu za `DATETIME` kama zina mahali pa kuweka hizo herufi.