Maharage Elfu Moja Yaliyokubaliana Kukosea

Walimu wenzangu, wengi wenu mmeshanisikia nikizungumzia jambo hili, na leo nalirudia kwa sababu bado halijakaa. Juzi nimefungua daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu. Zoezi lilikuwa kukadiria eneo kwa nukta za nasibu. Mwishoni ameandika "Eneo = 79.5", akawekewa alama ya vema kubwa nyekundu. Ametumia nukta ngapi? Hajaandika. Jibu hilo linaweza kukosea kwa kiasi gani? Hajaandika, na aliyesahihisha hakumuuliza.

Nianze na zoezi lenyewe ili twende pamoja. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10. Weka sindano ya bikari kwenye kona ya chini kushoto, kisha chora tao lenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Umepata robo duara ndani ya mraba. Eneo lake tunalijua, ni sentimita za mraba 78.54, na nimelichagua kwa sababu hiyohiyo: njia mpya ipimwe kwanza kwa kitu ambacho jibu lake unalo mkononi.

Sasa andika tarakimu 0 hadi 9 kwenye vipande kumi vya karatasi, viwe sawa kwa ukubwa, uvitie kikombeni. Chota kimoja, andika tarakimu yake, kirudishe, tikisa, chota tena. Kukirudisha ni lazima, vinginevyo tarakimu iliyokwishatoka haina nafasi ya kutoka tena. Chota mara nne. Tuseme umepata 3, 7, 8, 2. Mbili za kwanza zinakupa x = 3.7, mbili za mwisho y = 8.2. Ongeza 0.05 kwa kila moja ili nukta ikae katikati ya kijimraba chake. Usipoongeza, nukta zote zinasogea kidogo kuelekea kona ya bikari, na jibu linapanda kwa karibu asilimia moja bila wewe kujua.

Nukta yetu basi ni (3.75, 8.25). Kipeo cha pili cha x ni 14.06, cha y ni 68.06, jumla 82.12. Ni pungufu ya 100, kwa hiyo nukta iko ndani ya tao. Ukichota 9, 1, 6, 4 unapata (9.15, 6.45), na jumla ni 125.3. Hiyo iko nje. Kazi yote ni hiyo: ndani au nje, unahesabu. Kama kila sehemu ya mraba ina nafasi sawa ya kuangukiwa na nukta, sehemu ya nukta zilizoingia ndani itakaribia sehemu ya mraba iliyofunikwa na umbo.

Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 40, kila mmoja nukta kumi, jumla 400. Zilizoingia ndani zilikuwa 318. Gawanya: 0.795. Zidisha kwa 100, eneo la mraba: 79.5. Na hapa ndipo daftari lile liliposimama, wakati kazi ilikuwa imefika nusu.

Nusu ya pili ni kosa. Ninaposema kosa sizungumzii uzembe. Nazungumzia umbali ambao bahati peke yake inaweza kulisogeza jibu. Chukua 0.795, zidisha kwa kilichobaki, yaani 0.205, gawanya kwa idadi ya nukta, 400, kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata takriban 0.02. Zidisha mara mbili: 0.04. Kwa mraba wetu ni sentimita za mraba 4. Jibu kamili ni 79.5, likizidi au kupungua kwa 4, yaani kati ya 75.5 na 83.5. Madarasa mia yakifanya zoezi hili, takriban 95 kati yao yatakuwa na jibu la kweli ndani ya mipaka yao. Mwanafunzi anayeandika 79.5 tupu anaitetea ile .5 kama ameipima kwa rula, na hana haki nayo.

Mtu ataniambia: basi tuongeze nukta. Sawa, ongezeni, lakini mjue bei yake. Idadi ya nukta imo ndani ya kipeuo cha pili. Kupunguza kosa kwa nusu unahitaji nukta mara nne. Kulipunguza hadi sehemu ya kumi unahitaji mara mia: zile 400 zinakuwa 40,000.

Na kuna kosa jingine ambalo nukta hata milioni haziligusi. Hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa hiyo mnivumilie nilieleze lote.

Mwaka mmoja niliona kikombe kinachelewesha. Vipindi ni vifupi, wanafunzi ni wengi. Nikaleta maharage. Tukaweka mraba sakafuni, wanafunzi wakarusha kwa mkono kutoka hatua mbili, yanayoangukia nje ya mraba hayahesabiwi. Tuliporusha 200, yaliyoingia ndani ya tao yalikuwa 174, yaani asilimia 87. Kosa kwa kanuni ile ni karibu asilimia 5. Nikawaambia ni bahati tu, tuongeze. Tukafika 1,000. Ndani: 868. Asilimia 86.8, na sasa kosa ni kama asilimia 2.

Tazameni kilichotokea. Jibu la kweli ni 78.5. Maharage yameongezeka, mipaka imebana, na jibu la kweli limebaki mbali nje ya mipaka. Kadiri tulivyorusha ndivyo tulivyozidi kuwa na uhakika wa namba isiyo sahihi. Kama umbo lingekuwa bwawa au jani ambalo jibu lake hatulijui, tungefunga madaftari tukiwa tumeridhika.

Tatizo lilikuwa mkono. Mtu anayerusha kitu kwenye mraba hulenga katikati, hata ukimwambia asilenge. Katikati ya mraba wetu ipo ndani ya tao, na kona ya juu kulia, ambayo ipo nje, haikupata maharage ya kutosha. Huo ni upendeleo. Nasibu haimaanishi kurusha ovyo. Maana yake ni kwamba kila sehemu ina nafasi sawa, na nafasi sawa hutengenezwa kwa makusudi.

Utautambuaje? Kwanza nilifanya kipimo kibovu. Niligawa mraba mafungu manne, nikahesabu, kila fungu likawa na karibu robo ya maharage. Nikaridhika, na nilikosea kuridhika: rundo lililo katikati kabisa linagawanyika sawasawa kwa mafungu yote manne. Kipimo kinachofaa ni kuchora mraba mdogo wa sentimita 5 kwa 5 katikati ya ule mkubwa. Eneo lake ni robo, kwa hiyo maharage 1,000 yangepaswa kuweka humo takriban 250. Tulikuta 512. Hapo hakuna cha kusingizia bahati.

Sasa kuna pingamizi ninalolipata kila mara: "Mbona Lazzarini alipata pai kwa sindano hadi desimali ya sita?" Nashukuru kwa swali hilo. Mwaka 1777 Buffon, Mfaransa, alieleza kwamba ukidondosha sindano kwenye sakafu yenye mistari sambamba, uwezekano wa kukata mstari unategemea pai. Mwaka 1901 Lazzarini, Mwitalia, akatangaza amedondosha mara 3,408, sindano ikakata mara 1,808. Sindano yake ilikuwa 5/6 ya nafasi kati ya mistari. Fanyeni hesabu: 2 mara 5/6 mara 3,408, gawanya kwa 1,808. Inatoka 355/113 kamili, yaani 3.1415929.

Lakini fanyeni pia hesabu ya kosa, ambayo wanaomsifu hawaifanyi. Kwa mara 3,408, bahati peke yake inaweza kulisogeza jibu kwa 0.1 hivi upande wowote. Na kama sindano ingekata mara moja zaidi, 1,809, jibu lingekuwa 3.1399. Kudondosha kumoja kunaharibu desimali ya tatu! Basi jibu zuri namna ile halitoki kwenye sindano. Hutoka kwa kuchagua idadi zinazoelekea 355/113 na kusimama pale namba inapopendeza. Mwanafunzi akikuletea matokeo bora kuliko kosa lake linavyoruhusu, muulize alipanga lini kusimama. Idadi ya nukta iamuliwe kabla ya kuanza.

Mwalimu mmoja amenyoosha mkono: kwa nini tusihesabu tu vijimraba vya karatasi ya grafu? Kwa umbo bapa, hesabu vijimraba, ni bora. Nasibu inashinda pale vitu vinavyobadilika vinapokuwa vingi. Ukiwa na vitu kumi, kila kimoja ukakigawa mara kumi, una vyumba bilioni kumi vya kuhesabu, ilhali kanuni yetu ya kosa haiulizi vitu ni vingapi, inauliza nukta ni ngapi. Mwanahisabati Stanislaw Ulam alikutana na hilo mwaka 1946, akiwa anapona ugonjwa na kucheza karata peke yake. Alitaka kujua uwezekano wa kushinda. Karata 52 zina mipangilio ipatayo 8 ikifuatwa na sifuri 67. Akaona heri kucheza mara mia na kuhesabu alizoshinda. Alizungumza na mwanahisabati mwenzake John von Neumann, na kazi ikaingia kwenye kompyuta za mwanzo. Njia hii inaitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa kamari huko Monaco, na jina hilo lilipendekezwa na mwenzao Nicholas Metropolis.

Kwa hiyo uwezekano na eneo ni hesabu moja. Badala ya nukta unacheza mchezo, badala ya "ndani" unaandika "ameshinda". Rusha dadu mara nne: je, sita itatokea walau mara moja? Jibu la kweli ni 0.518. Kwa michezo 400 kosa ni 0.05, hivyo huwezi hata kusema kama umevuka nusu. Unahitaji kama 10,000, na hapo kikombe kipumzike:

```python
import random
n = 10000
ndani = 0
for i in range(n):
    x = random.random()
    y = random.random()
    if x*x + y*y < 1:
        ndani = ndani + 1
p = ndani / n
kosa = 2 * (p*(1-p)/n)**0.5
print(p, kosa)
```

Hii ni ya robo duara, ya dadu mtabadilisha wenyewe. Tazameni mstari wa mwisho: unachapisha namba mbili. Msimpe mwanafunzi programu inayochapisha moja.

Nilitaka kueleza matukio adimu kwa urefu, lakini muda umekwisha. Niseme hili tu: ukijaribu mara 1,000 na tukio lisitokee hata mara moja, kanuni yetu itakuambia kosa ni sifuri, na hiyo si kweli. Andika kwamba uwezekano unaweza kufika 3 gawanya kwa idadi ya majaribio, hapa 0.003. Vikombe viko mezani pale dirishani, vipande vimeshakatwa. Kila meza ipange idadi ya nukta sasa hivi, iiandike ubaoni, ndipo mwanze kuchota.