Rangi Tatu Zinazofuata Ngeli
(Mhadhara uliotolewa Kisumu)

Hamjambo nyote. Wazee shikamooni.

Tuanze na mlango. Ukiupaka rangi ya damu, utasema mlango mwekundu. Gari litakuwa jekundu, kitambaa chekundu, nguo nyekundu. Sasa upake mlango huo rangi ya majani. Hapo huna neno la kuvisha kiambishi. Utasema mlango wa kijani, gari la kijani, kitambaa cha kijani, yaani mlango wenye rangi ya kijani. Fanya hivyo kwa rangi zote unazozijua na utakuta maneno yanayofuata ngeli ni matatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu.

Mengine karibu yote bado yananuka kitu yalikotoka. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni ile bizari inayotia mchuzi rangi, zambarau ni tunda linalochafua ulimi. Samawati imetoka Kiarabu, kwenye neno la mbingu, na bluu tumeichukua kwa Mwingereza. Kutofuata ngeli peke yake si ushahidi wa kutosha kwamba neno halikuwa la rangi tangu asili, maana hata "safi" na "ghali" hazifuati ngeli na hazina uhusiano na rangi. Ushahidi uko katika mambo mawili kwa pamoja: neno halifuati ngeli, na bado unaweza kuliokota sokoni ukalitia kwenye sufuria.

Mtu atasema hiyo ni tabia ya lugha za Kibantu. Basi tuvuke tuingie Kijaluo, ambacho hakina undugu na Kibantu. Cheupe ni rachar, cheusi ni rateng', chekundu ni rakwar. Ni zilezile tatu, na zote zimeanza na ra-. Ukienda Nakuru ukamsikiliza Mkikuyu utakuta -erũ, -irũ na -tune. Lugha za koo mbalimbali zimechagua watatu walewale, na hilo linataka maelezo.

Mwaka 1969 mwanaanthropolojia Brent Berlin na mwanaisimu Paul Kay walichapisha hoja kwamba lugha hazigawi rangi ovyo. Lugha yenye maneno mawili ya msingi hugawa weupe na weusi, au tuseme mwanga na giza. Ikiongeza la tatu, ni wekundu. Kijani na manjano hufuata, bluu baadaye, kisha kahawia na nyinginezo. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozipima wenyewe kwa vipande vya rangi. Kasoro ilikuwa katika kupima: kwa nyingi ya lugha hizo walihoji mtu mmoja tu, tena mkazi wa Kalifonia anayeongea Kiingereza kila siku. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha kipande cha rangi, kichwa chake kimeshasema "blue" kabla mdomo haujatafuta neno la kwao. Utafiti mkubwa uliofuata ulienda vijijini, lugha 110 zisizo na desturi ndefu ya maandishi, kila moja ikiwa na wasemaji kama 24. Picha ya jumla ilisimama, ingawa ngazi zake zilionekana kuwa na njia zaidi ya moja ya kupanda.

Nikae kidogo hapo kwenye kupima, kwa sababu ndiko kazi huharibikia. Vipande ni 330: 320 vyenye rangi, yaani aina 40 kwa viwango 8 vya mwangaza, na 10 vinavyotoka weupe kupitia kijivu hadi weusi. Kwanza unamkagua msemaji kwa kadi za Ishihara, zile za vitone vyenye namba, ili usije ukaandika upofu wa rangi kama desturi ya kabila. Kisha unamwonyesha kimoja kimoja, vikiwa vimechanganywa, na unauliza, "Hii ni rangi gani?" Usiulize, "Hii ni kijani?" maana kwa adabu atakubali. Ukimaliza, unamtandikia vyote pamoja na kumwomba aguse kile kilicho chekundu kuliko vyote.

Ukifanya hivyo kwenye kibanda cha mitumba chenye turubai la bluu, umeshapoteza siku, kwa sababu mwanga wote uliomo ni wa bluu. Simu nayo haifai, kila kioo kina rangi zake. Na usiwaweke wasemaji pamoja, kwani wa pili atajibu alichosikia kwa wa kwanza. Dalili ya kosa la Kalifonia nayo ni rahisi kuiona: majibu yanajaa "bluu" na "grini", na mipaka yake inalingana mno na ya Kiingereza. Hapo umepima Kiingereza cha shule, hata kama mahojiano yalikuwa ya Kijaluo tangu mwanzo.

Kwa nini wekundu hutangulia? Jibu linalonishawishi zaidi lilitolewa mwaka 2017 na kundi la mtafiti wa lugha Edward Gibson, waliofanya kazi pia na Watsimane wa Bolivia. Walichunguza picha nyingi na kuona kwamba vitu ambavyo watu huvitenga na kuvitaja huwa na rangi za moto: nyekundu, manjano, kahawia. Nyuma yake ndipo kuna kijani na bluu. Simama Dunga utazame ziwa. Maji, mbingu na mafunjo yamejaa hizo rangi baridi, lakini hakuna anayehitaji kusema "niletee ile mbingu ya bluu, si ile nyingine". Ng'ombe wawili ndio wanaohitaji kutofautishwa, na yule wa rangi ya udongo utamwita mwekundu hata kama mwenye duka la rangi angesema ni kahawia.

Je, asiye na neno haoni? Anaona. Jicho lina aina tatu za seli za rangi, za mtu wa Ugenya sawa na za mtu wa Moscow. Lakini neno halikai bure kabisa. Kirusi kina maneno mawili ya msingi kwa bluu: goluboy kwa iliyopauka, siniy kwa iliyokolea. Katika jaribio la mwaka 2007, watu walionyeshwa miraba mitatu ya bluu na kuulizwa ni upi kati ya miwili ya chini unaofanana na wa juu. Warusi walijibu haraka zaidi miraba ilipoangukia pande mbili za mpaka wa maneno hayo, kwa kadiri ya sehemu ya kumi ya sekunde. Wasemaji wa Kiingereza hawakupata nafuu hiyo. Kisha Warusi wakapewa tarakimu nane za kukariri kimoyomoyo wakati wa kujibu, na nafuu ikatoweka. Walipopewa kukumbuka umbo badala ya tarakimu, nafuu ilibaki. Kumbe lugha ilikuwa ikinong'ona pembeni wakati wa kuamua, na ukiishughulisha inanyamaza.

Kuna aliyeuliza kuhusu rangi ya machungwa. Machungwa mengi ya huku yakiiva hubaki kijani, kwa kuwa usiku wetu si wa baridi ya kutosha kuondoa klorofili kwenye ganda. Muuzaji hukwambia limeiva, wala hakwambii lina rangi gani, na "-bichi" na "-bivu" yanamtosha. Ukitaka kuiona rangi ya machungwa, itabidi ulimenye.