Klipu Tano za Pancha: Kukata Video ya Kwanza kwa Simu

Zuhura: Karibuni tena. Leo mwenzangu yuko kwenye kiti cha moto. Ametengeneza video yake ya kwanza, ya kuziba pancha ya baiskeli, na amenitumia saa tano usiku.

Kassimu: Na hukunijibu mpaka asubuhi, dada.

Zuhura: Ningejibu nini? Gurudumu linazunguka, picha inapasuka kama kioo, halafu tunarukia kwenye ndoo ya maji. Klipu zilikuwa ngapi?

Kassimu: Tano, jumla dakika nne na kidogo. Nilitaka ibaki dakika moja. Basi nikaziingiza zote kwenye CapCut, apu ya kukatia video, na kitu cha kwanza nikagusa kile kiboksi kidogo katikati ya klipu na klipu, nikaanza kuchagua mipito, yale madoido ya kutoka klipu moja kwenda nyingine.

Zuhura: Hapo ndipo ulipoharibu. Mpito unawekwa mwisho kabisa, baada ya kupanga na kukata. Ule wa kuyeyusha, ambapo picha moja inafifia huku nyingine ikijitokeza, unahitaji picha mbili kwa wakati mmoja. Apu inazipata wapi? Inapandisha mkia wa klipu ya kwanza juu ya kichwa cha ya pili. Ukiwa na klipu ya sekunde 8 na nyingine ya sekunde 6, ukaweka mpito wa sekunde 1 unaopandanisha hivyo, utaona muda wa jumla umeshuka kutoka 14 hadi 13. Sekunde hiyo imeliwa.

Kassimu: Ndiyo maana kiputo changu kilipotea!

Zuhura: Waeleze wasikilizaji.

Kassimu: Unapotafuta tundu, unazamisha tyubu majini na kuiminya, kisha unasubiri viputo. Changu kilitoka mwishoni kabisa mwa klipu, ndani ya ile nusu sekunde ya mwisho. Sasa klipu inayofuata ilikuwa ya kusugua kwa msasa. Kwenye video unaona maji, unaona msasa, vyote vipande vipande kama kioo. Kiputo hakuna.

Zuhura: Na hicho ndicho watu walichokuja kukitazama. Ulifanyaje?

Kassimu: Nilidhani nirekodi upya.

Zuhura: Hapana! Ukipunguza klipu ndani ya apu, hujafuta kitu. Gusa klipu, shika ukingo wake wa kulia, uvute nje. Picha uliyoficha inarudi. Mradi tu video yenyewe bado ipo kwenye simu. Ukiifuta kwenye galari ili upate nafasi, mradi wako unaweza kubaki na shimo.

Kassimu: Nikavuta, kiputo kikapata nafasi yake. Ila kupata mahali hasa pa kukata kulinisumbua. Kidole changu ni kinene kuliko ile klipu.

Zuhura: Tandaza vidole viwili juu ya klipu kama unavyokuza picha. Mstari wa muda unarefuka mpaka unaziona fremu, yaani picha zinazounda video, moja moja. Video ikiwa ya fremu 30 kwa sekunde, nusu sekunde ni fremu 15. Sogeza klipu mpaka ule mstari wa wima wa katikati ukae mahali unapotaka, gusa `Split`, chagua kipande kisichotakiwa, gusa `Delete`. Kuvuta ukingo nakutumia kwa marekebisho madogo tu.

Kassimu: Mpangilio nao haukuwa kazi. Nabonyeza klipu na kuishikilia, zote zinakuwa vijiboksi, naburuta.

Zuhura: Tena panga kabla hujakata kwa umakini, maana mahali pa kukata panategemea nani amekaa jirani. Kwenye yako, klipu ya maji inaisha mkono ukienda kuchukua msasa. Kata mkono ukiwa njiani, na ya msasa ianze mkono ukifika. Jicho linaufuata mkono, halioni kiungo cha klipu na klipu. Hapo mpito wa nini?

Kassimu: Kwa hiyo nisiweke hata mmoja?

Zuhura: Weka mmoja. Ukipaka gundi unasubiri ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka. Pale muda umepita kweli, na kuyeyusha kwa nusu sekunde kunamwambia mtazamaji hivyo. Ila kabla ya kuuweka, acha mkia wa nusu sekunde usio na jambo: mkono umeshatoka, gundi inang'aa, basi. Acha mpito uile nusu sekunde hiyo.

Kassimu: Na kile kioo kinachopasuka? Niligusa `Apply to all`, kikaingia kila kiungo.

Zuhura: Nilikiona, mara nne.

Kassimu: Nimeshakitoa kwenye viungo vitatu.

Zuhura: Na cha nne?

Kassimu: Dada, kile cha gurudumu niachie kidogo.