Jinsi ya kuorodhesha vioo vya simu kwa gredi, mfano Samsung A51

Mambo vipi wakuu, leo naongea na nyie mnaouzia mafundi vioo kwa jumla, wa Kariakoo na wa mikoani. Fundi wa Mbeya au Kigoma anaogopa kuagiza kwako kwa sababu moja tu, umeandika "kioo A51 oji" halafu kikifika siyo oji, na mteja wake keshakaa kwenye benchi anasubiri. Kwa hiyo tunaandika tangazo la kioo kimoja, Samsung A51, na hapa mezani ninavyo vinne.

Kwanza kabisa andika modeli kamili, SM-A515F, maana kuna A51 ya 5G nayo ni A516, na kioo chake ni kingine kabisa, hakiingiliani. Ukiandika A51 peke yake tayari umeshatengeneza ugomvi.

Sasa gredi. Hiki cha kwanza ni sevisi paki, kinatoka Samsung wenyewe, kimeshabandikwa kwenye fremu, na boksi lina stika yenye namba inayoanza na GH82. Ipige picha hiyo stika isomeke. Hiki cha pili ni oji pia ila kimetolewa kwenye simu iliyotumika, hapo usifiche, andika "oji ya kutolewa". Kiwashe, weka picha ya kijivu skrini nzima, mwanga uwe juu, ukiona kivuli cha kibodi au alama za chini zimeganda basi iandike na uipige picha, fundi atanunua tu kama bei inaeleweka. Na kama kioo cha juu kilipasuka kikabadilishwa, hiyo nayo itaje, kwa sababu gundi yake siyo ya kiwandani na vumbi au mapovu yanaweza kutokea pembeni baadaye.

Cha tatu ni OLED ya kopi. Rangi nzuri, nyeusi ni nyeusi kweli, lakini chukua rula upime sehemu inayowaka toka kona hadi kona. A51 oji ni inchi 6.5, kuna kopi zinakuja ndogo na kile kidevu cha chini kinakuwa kinene, mteja anakiona palepale. Andika kipimo chako, usiandike cha boksi.

Cha nne ndo kinacholeta vurugu nyingi, TFT, wengine wanaita inseli. Tuliza hapa kidogo. A51 inasoma kidole chini ya kioo, yaani kuna kisensa nyuma ya skrini kinachoangalia kidole kwa mwanga unaopita katikati ya OLED. TFT ina taa yake nyuma na karatasi za kusambaza mwanga, kwa hiyo kisensa kinazibwa, hakioni kitu. Fingaprinti haitafanya kazi na hakuna setingi ya kuirekebisha. Halafu ni nene kidogo, ikikaa kwenye fremu inanyanyuka. Kuitambua, zima taa za chumba, weka picha nyeusi tupu skrini nzima, OLED utaona kama imezimwa, TFT itabaki na ung'avu wa kijivu. Piga hiyo picha gizani uiweke kwenye tangazo, mi naona inauza kuliko maelezo yote, fundi anajua anachonunua. Na siyo kwamba TFT ni mbaya, kuna mteja anatumia namba ya siri tu na hela yake ni ndogo, ila lazima aambiwe kabla.

Kila gredi ipe tangazo lake, usizirundike nne chini ya picha moja. Tangazo la cha nne linasomeka hivi: "Kioo Samsung A51 SM-A515F, TFT, bila fremu, fingaprinti HAIFANYI kazi, tachi imepimwa." Hilo la tachi liwe kweli, unga kioo kwenye simu, piga

```
*#0*#
```

ingia Touch, pitisha kidole kwenye viboksi vyote hadi viishe.

Chini yake weka sharti la kurudisha: fundi aunge flati apime kabla ya gundi na kabla ya kubandua nailoni, kikiwa na shida anarudisha, nailoni ikishatoka au flati ikikunjika harudishi. Liandike hapohapo kwenye tangazo asome kabla hajalipa, siyo umtumie wasap kioo kikiwa njiani.

Na mzigo mpya ukiingia hata kama ni kwa supplaya yuleyule, usinakili maelezo ya mwezi uliopita. Kopi zinabadilika, leo OLED kubwa kesho ndogo na boksi ni lilelile, fungua kimoja, pima kwa rula, jaribu kidole, ndo uandike.