Ada za Klabu: Zilizochelewa, Zilizotangulia na za Maisha

Ndugu wanahazina na wakaguzi, karibuni. Leo tutafungua hesabu moja tu ya leja, ile ya ada za wanachama, kwa sababu ndiyo inayowatoa jasho wengi kila mwaka unapofungwa. Daftari la fedha linaonyesha kilichopokelewa. Hesabu ya Mapato na Matumizi inataka kitu kingine: ada ya mwaka huu, iwe imelipwa au haijalipwa.

Tuchukue klabu yenye wanachama wa kawaida 80, kila mmoja akitozwa 600 kwa mwaka. Mwaka wa hesabu unaanza tarehe 1 Januari 2024. Siku hiyo wanachama 4 wanadaiwa ada ya 2023, yaani 2,400, na wengine 3 wamekwishalipa ya 2024 kabla haijafika, yaani 1,800. Katika mwaka zimepokelewa 48,600. Hadi tarehe 31 Desemba, wanachama 5 hawajalipa ya 2024, na 6 wamelipa mapema ya 2025. Katika wale wadaiwa 4 wa zamani, 3 wamelipa. Mmoja ameondoka na hapatikani.

Sasa tuandike. Aliyechelewa anadaiwa na klabu, kwa hiyo salio lake la kuanzia, 2,400, linakaa debiti. Aliyetanguliza, klabu ndiyo inayomdai huduma ambayo bado haijampa. Samahani, nigeuze: yeye ndiye anayeidai klabu huduma hiyo, kwa hiyo 1,800 zinakaa krediti. Krediti tunaongeza fedha zilizopokelewa 48,600, deni lililofutwa 600, na malimbikizo ya mwisho wa mwaka 3,000, ambayo yatashuka debiti kuanza mwaka mpya. Jumla ni 54,000. Debiti tuna 2,400 za mwanzo na 3,600 za 2025 zinazopelekwa mbele, jumla 6,000. Kinachokosekana ili pande mbili zilingane ni 48,000, na hayo ndiyo mapato ya ada ya mwaka.

Msiishie hapo. Zidisheni 80 kwa 600: inatoka 48,000 ileile. Orodha ya wanachama ni shahidi asiyetegemea daftari la fedha, na mimi siiamini hesabu ya ada isiyopitishwa kwake. Ikitokea 47,400, yaani pungufu ya ada moja, tazameni kwanza kama deni la aliyeondoka limesahaulika. Zile 600 zinapaswa kuonekana kama gharama ya deni lisilolipika, si kumezwa kimyakimya ndani ya mapato. Ikitokea 49,200, tofauti ni 1,200, ambayo ni mara mbili ya pengo la 2,400 na 1,800. Hapo masalio ya kuanzia yamebadilishana pande. Kosa la namna hiyo huwa mara mbili ya pengo, sikuzote.

Kwenye Mizania, 3,000 zinaingia kwa mali za muda mfupi na 3,600 kwa madeni ya muda mfupi. Msizikate moja kwa nyingine mkabakiza 600 za deni, kwa kuwa wanaodaiwa si wale waliotanguliza.

Wanachama wa maisha hawamo katika wale 80. Wana hesabu yao. Tuseme kila mmoja hulipa 7,500 mara moja, na klabu imeamua kuzigawa kwa miaka 15, yaani 500 kwa mwaka. Muda huo ni makadirio ya kamati, na sera ikishawekwa ifuatwe mwaka hadi mwaka. Wanachama 8 walijiunga mwanzoni mwa 2020. Miaka minne imetoa 16,000 kati ya 60,000, kwa hiyo 2024 inaanza na salio la krediti la 44,000. Mwanzoni mwa mwaka wakaongezeka 3, waliolipa 22,500. Mapato ya 2024 ni 11 mara 500, yaani 5,500, na salio linalobaki ni 61,000. Kati yake, 5,500 za 2025 ni deni la muda mfupi; zilizobaki ni la muda mrefu.

Kosa ninalokutana nalo sana ni kugawa salio lote kwa 15 kila mwaka. Hapa 66,500 gawanya kwa 15 inatoa kama 4,433, si 5,500. Ukiendelea hivyo, salio hupungua polepole na halimaliziki kamwe. Dawa yake ni jedwali la kila kundi la waliojiunga: mwaka wa kuingia, idadi, kiasi, na mwaka wa mwisho wa mgao. Wa 2020 wanakwisha 2034, wa 2024 wanakwisha 2038.

Mmoja wa wale 8 akifariki mwishoni mwa 2024, amebakiza 5,000. Klabu haidaiwi tena huduma, kwa hiyo kiasi hicho kinatolewa kwenye hesabu ya ada za maisha. Kinakwenda kwenye mapato au moja kwa moja kwenye mfuko limbikizi, kadiri sera ya klabu inavyosema, na kuanzia 2025 mgao unahesabiwa kwa watu 10.