Kasisi mwanamke: Wakatoliki na Waanglikana wabishania nini hasa? (Mhadhara, Malindi)

Ndugu zangu, hamjambo. Hapa Malindi tuna jimbo la Kikatoliki na dayosisi ya Kianglikana. Kwa Waanglikana wa Kenya mwanamke anaweza kuwa kasisi, na mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Butere. Kwa Wakatoliki hawezi kuwa padre. Ubishi huu hukwama kwa sababu wanaojibizana hawajibu swali moja.

Tuanze na Waprotestanti. Mstari unaoshikiliwa zaidi ni 1 Timotheo 2:12, ambapo Paulo hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha wala kumtawala mwanamume. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa “kumtawala” ni authentein, na katika Agano Jipya lote limetumika hapo tu. Wanaokubali makasisi wanawake husema maana yake ni kutawala kwa mabavu, na kwamba Paulo alikuwa akituliza fujo za Efeso. Tena katika 1 Wakorintho 11:5 yeye mwenyewe anazungumzia mwanamke anayesali na kutoa unabii mbele ya kanisa. Wanaopinga hujibu kwa mstari unaofuata, wa 13: Adamu aliumbwa kwanza. Paulo angekuwa anatibu tatizo la mji mmoja, wanauliza, angerudi hadi uumbaji kwa nini? Hoja hiyo ina uzito, na naona wengi wetu upande wa kukubali tunaipita haraka mno.

Sasa, ukimpelekea Mkatoliki ubishi huo wa Kigiriki, hujamgusa. Kwake upadre ni sakramenti, Daraja Takatifu, na padre kwenye Misa husimama katika nafsi ya Kristo. Yesu alichagua mitume kumi na wawili, wote wanaume, ingawa hakuogopa mila: alizungumza na mwanamke Msamaria kisimani, na Maria Magdalena ndiye aliyepeleka habari za ufufuo. Kwa hiyo mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba Kanisa halina mamlaka ya kumpa mwanamke upadre. Tazameni neno hilo, halina mamlaka. Hakusema kwamba wanawake hawafai. Askofu akimwekea mwanamke mikono, kwa mafundisho hayo hakuna upadre uliotolewa, hata ibada ikisomwa neno kwa neno.

Jibu zito kwa hoja hiyo halitoki kwa Paulo. Linauliza hivi: wale kumi na wawili walikuwa pia Wayahudi wote, mbona hatudai padre awe Myahudi? Mkatoliki hujibu kwamba ishara ya sakramenti lazima ifanane na inachokiashiria, na Kristo alikuwa mwanamume. Mwenzake humrudishia kwamba kinachotuokoa ni Neno kufanyika mwili, mwili wa binadamu, ambao mwanamke anao pia.

Hapo ndipo wanapoachana kweli. Kwa Mwanglikana wa Kenya sinodi ilikaa ikaamua, na ingeweza kuamua vingine. Kwa Mkatoliki hakuna kikao chenye uwezo huo.