Madoa matatu ukutani: kupima urefu wa wimbi wa leza

Mhadhara kwa walimu wa fizikia wa sekondari, Dodoma

Walimu wenzangu, habari za mchana. Mezani tuna leza nyekundu ya kuelekezea ubaoni na kipande cha gretingi. Kwa wasioizoea, gretingi ni filamu angavu yenye mistari myembamba iliyopangwa kwa umbali sawa. Hii ina mistari 300 kwa kila milimita moja, kwa hiyo kutoka mstari hadi mstari kuna 1/300 ya milimita, yaani nanometa 3333. Umbali huo tunauita d.

Mwanga ukipita humo, kila upenyo unatoa wimbi lake. Ukutani doa angavu linatokea pale tu ambapo wimbi la upenyo mmoja limechelewa nyuma ya jirani yake kwa urefu wa wimbi mmoja kamili, au miwili, au mitatu. Kuchelewa huko ni d mara saini ya pembe, na ndipo tunapata

d sin θ = nλ

Hapo n ni namba ya doa ukihesabu kutoka la katikati, ambalo ni sifuri.

Funga mapazia kwanza. Jua la Dodoma saa sita mchana linameza doa la tatu kabisa. Weka gretingi sentimita 100.0 kutoka ukutani, ubandike karatasi, kisha uweke alama katikati ya kila doa, kushoto na kulia. Mtu asiinamishe jicho kwenye njia ya mwanga, na vioo viondolewe.

Tuchukue vipimo hivi. Doa la kwanza liko sm 19.9 kushoto na 19.9 kulia. La pili sm 42.6 na 42.2. La tatu sm 72.8 na 71.6. Wastani wa kila jozi ni 19.9, 42.4 na 72.2.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Wanagawanya 19.9 kwa 100 na kuiita saini, kumbe hiyo ni tanjenti. Ukiliendeleza kosa hilo, doa la kwanza linakupa nanometa 663, la pili 707, la tatu 802. Leza ni moja, haiwezi kuwa na mawimbi matatu. Jibu likipanda kadiri namba ya doa inavyopanda, usilaumu leza wala rula. Tazama kama umetumia tanjenti mahali pa saini. Anayeishia doa la kwanza hatagundua, maana 663 inaonekana jibu la kuaminika.

Njia sahihi ni kutafuta pembe kwanza kutokana na tanjenti, halafu saini yake. Saini tatu zinakuwa 0.1952, 0.3904 na 0.5854. Zidisha kila moja kwa 3333.3, ugawanye kwa 1, 2 na 3. Unapata nanometa 650.6, 650.6 na 650.4.

Sasa rudini kwenye ule mwachano wa kushoto na kulia. Doa la kwanza halionyeshi chochote, la pili linaachana kwa milimita 4, la tatu kwa milimita 12. Gretingi imepinda takriban digrii moja tu, haikuukabili mwanga sawasawa. Ukipima upande mmoja peke yake, doa la tatu linakupotosha kwa nanometa kadhaa; ukichukua wastani wa pande mbili, kosa karibu lote linajifuta. Kuirekebisha, tafuta mwanga hafifu unaorudishwa na gretingi, uigeuze polepole mpaka urudi kwenye tundu la leza. Ikiwa bado madoa hayalingani, pima kutoka gretingi hadi nukta mbili za ukutani zilizo mbali sawa na doa la katikati: umbali usipolingana, meza ndiyo imekaa upande.

Mbona basi tusumbuke na madoa ya mbali? Kwa sababu kosa la nusu digrii kwenye doa la kwanza linaharibu jibu kwa zaidi ya nanometa 28, na kwenye la tatu kwa takriban 8. Gretingi ya mistari 600 ingetupa madoa mawili tu kila upande, kwani saini haizidi 1. Hii ya 300 inatoa matano, ingawa la tano linatoka kwa digrii 77 na halitafika kwenye ukuta wa darasa la kawaida.

Jibu letu nitaliandika nanometa 650, zaidi au pungufu 2, hata kama kibandiko cha leza kinasema 650 tupu. Diodi nyekundu huongeza urefu wa wimbi kwa takriban nanometa 0.2 kwa kila digrii ya joto. Kwa hiyo anayepima asubuhi yenye baridi na anayepima mchana wenye joto la digrii kumi zaidi wanaweza kutofautiana kwa nanometa 2, na wote wawili wakawa sahihi.